Povu kwenye Prado nyeusi

Saa 7 mchana, Jumamosi, Prado nyeusi imefunikwa povu kuanzia kwenye boneti hadi tairi la akiba. Kijana akabonyeza kishikio cha mashine ya presha ili aanze kusuuza. Mashine ikakoroma, ikatema matone mawili matatu, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya.

Ndani kwenye londri, mashine mbili kati ya tatu zilikuwa zimegoma katikati ya kusuuza, taa ya bomba ikiwaka na kuzima. Kwenye mojawapo mlikuwa na shuka za nyumba ya wageni zilizoahidiwa kwa saa 11 jioni.

Mwenye Prado alikuwa mama mtu mzima, amekaa kwenye benchi na gauni lake la sherehe likiwa kwenye mfuko. "Mwanangu," akamwambia mdogo wangu, "mimi harusi yangu saa 9. Hilo povu linakauka."

Kweli lilikuwa linakauka. Jua la saa 7 na gari jeusi havisubiri mtu. Vijana wakakimbia kwa jirani wakarudi na madumu, wakalimwagia lile gari kwa vikombe kama wanamwogesha mtoto. Mama akalipa nusu, tukaona katenda haki.

Mdogo wangu akanigeukia. Hakusema neno.

Hesabu za biashara ile nilizipiga mimi.

## Karatasi iliyokuwa safi mno

Mimi ni mhasibu. Mdogo wangu alipopata kiwanja cha kukodi pembeni ya barabara, pembezoni mwa Dar, akaniomba: "Dada, nipigie mahesabu, nisije nikala hasara." Nikakaa na Excel jioni mbili, nikatoa ukurasa mmoja ambao ningeweza kuupeleka benki bila aibu.

Mashine 3 za kufulia za mlango wa mbele, kilo 10 kila moja. Kufungua saa 1 asubuhi, kufunga saa 1 usiku. Mzunguko mmoja saa 1. Kwenye kisanduku nikaandika `=3*12*10` na jibu likaja 360. Kilo 360 za nguo kwa siku.

Maji ya mashine nikayatoa kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake: lita 60 kwa mzunguko. Mizunguko 36, lita 2,160. Magari 40 kwa siku, kila moja lita 50 (hiyo 50 sikumbuki niliitoa wapi, nadhani ilinijia tu), lita 2,000. Jumla lita 4,160. Tangi la lita 5,000. Linatosha na chenji inabaki.

Wiki nzima baada ya ile Prado nilikuwa naifungua ile karatasi usiku na kuitazama. Hakukuwa na kosa la kujumlisha popote. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

## Ndoo na saa ya simu

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda na ndoo ya lita 20, mzani wa kuning'iniza na simu. Mdogo wangu akacheka. "Sasa dada unataka kuwa fundi bomba?"

Tukaanza na mashine ya kufulia. Mpira wake wa maji machafu tukautoa kwenye shimo tukauingiza kwenye ndoo, na kila ndoo ikijaa kijana anabadilisha. Ndoo nne zikajaa, ya tano ikafika robo. Lita 85.

Mbona si 60? Kwa sababu 60 ni ya programu ya kubana matumizi, na hakuna mtu aliyekuwa anaitumia ile programu. Inachukua zaidi ya saa 3. Vijana walikuwa wanatumia ya kawaida na kuongeza suuza moja, maana sabuni yao ya unga inatoa povu jingi na nguo zikitoka bila suuza ya ziada wateja wanasema zinawasha.

Halafu muda. Kioo cha mashine kinaandika saa 1, lakini kioo hicho hakijui kwamba maji yanatoka kwenye tangi lililo mita tatu tu juu ya ardhi. Presha ni ndogo, mashine inajaza polepole, na kabla ya kukamua inageuzageuza nguo zikae sawa. Nilipima: dakika 78. Kutoa nguo, kuzikagua mifuko, kuingiza nyingine, kubishana ni za nani: dakika 12. Kwa hiyo dakika 90. Siku ya saa 12 inatoa mizunguko 8 kwa mashine, si 12.

Nikadhani hapo ndipo nimelipata kosa. Bado.

## Nguo za mteja hazichanganywi na za jirani yake

Kilo 10 iliyoandikwa kwenye mashine ni nguo kavu za pamba, zikiwa zimejaza pipa. Mtu mwenye akili hajazi hivyo, kwa sababu nguo zinahitaji nafasi ya kuangukia ndani ya maji. Ukijaza sana zinatoka na unga wa sabuni kwenye mikunjo. Hilo nililijua.

Nililosahau ni kwamba mteja analeta furushi lake. Anakuja kijana wa chumba kimoja na kilo 4. Huwezi kuchanganya shati lake na khanga za mama wa pili ili mashine ijae. Na hizo kilo 4 zenyewe zina nyeupe mbili na jinzi mpya inayochuja rangi. Duveti moja lina kilo 3 tu kwenye mzani, lakini pipa limejaa na halina nafasi hata ya soksi.

Tukapima mizunguko ya siku mbili, kila furushi kwenye mzani kabla ya kuingia. Wastani kilo 5.5.

Mashine 3, mizunguko 8, kilo 5.5. Ni kilo 132 kwa siku. Mimi niliandika 360.

Hapo niliweka kalamu chini nikaomba chai.

Kilichonichekesha ni maji. Mizunguko 24 kwa lita 85 ni lita 2,040. Mimi niliandika 2,160. Karibu sawasawa! Makosa mawili yalikuwa yamefutana: maji ya kila mzunguko niliyapunguza, mizunguko nikaizidisha. Kwa hiyo mtu akitazama bili ya mwezi angesema dada yake mdogo wangu ni hodari. Lakini bei ya kilo tuliipanga tukiamini kilo moja inakunywa lita 6. Inakunywa zaidi ya 15.

## Mabeseni yanasema ukweli

Mdogo wangu alishapata dawa kabla sijamaliza chai: anunue mashine ya nne. Mteja mmoja mmoja alikuwa analalamika kucheleweshwa, kwa hiyo ongeza mashine.

Nikamwomba twende nyuma tukaangalie mabeseni.

Mbele ya mashine kulikuwa na mafurushi matatu tu yanayosubiri kufuliwa. Nyuma, karibu na kamba, kulikuwa na mabeseni saba ya nguo zilizokwisha kufuliwa na kukamuliwa, zimekaa zinangoja pa kwenda. Mawili yalikuwa ya jana. Niliinua shuka moja nikainusa, nikairudisha. Ile harufu ya kitambaa kilicholala na unyevu. Hizo zitarudi kwenye mashine, zitakunywa lita nyingine 85, na hakuna atakayezilipia.

Foleni huonyesha yenyewe palipoziba. Ilikuwa imeziba kwenye kukausha, na kwenye karatasi yangu neno "kukausha" halikuwepo kabisa.

Draya ni moja. Furushi moja linakaa dakika 55, na dakika 5 za kutoa na kusafisha kichujio cha nyuzi. Mara 12 kwa siku. Kamba zetu zilikuwa mita 60, na furushi moja likianikwa bila kubebana linataka mita kama 15. Kwa hiyo mafurushi manne kwa mkupuo, saa tatu juani, mikupuo miwili kwa siku ukiwa na bahati. Manane. Ukijumlisha na ya draya, mafurushi 20 siku ya jua.

Siku ya mvua ni 12. Kilo 66 kwa siku nzima, na masika ni miezi mitatu.

Mashine tatu zinafua mafurushi 24, sehemu ya kukaushia inapokea 20 au 12. Mashine ya nne ingezalisha mabeseni. Fedha yake tukaigawa: draya ya pili, na banda la bati zinazopitisha mwanga nyuma ya nyumba, kuta wazi, feni moja kubwa, kamba mita 40 zaidi. Mdogo wangu hakufurahi. Banda halipendezi kwenye picha za mtandaoni kama mashine mpya.

## Upande wa magari

Huku nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Tukaelekeza mpira wa mashine ya presha kwenye ndoo: lita 20 zikajaa kwa dakika 1 na sekunde 36. Ni lita 12 na nusu kwa dakika. Kisha nikakaa kwenye benchi na simu, nahesabu ni dakika ngapi kishikio kimebonyezwa kweli, si muda ambao gari lipo.

Gari ndogo, ile IST ya kawaida, ilikula dakika sita na kitu za kubonyeza pamoja na ndoo ya povu. Karibu lita 90. Prado iliyotoka shamba, yenye tope kwenye matao ya matairi na chini kote, ilikula 160. Bodaboda 30. Ile 50 yangu haikuwa ya gari lolote.

Na kulikuwa na mpira wa kawaida wa kuoshea kapeti za miguuni, usio na kishikio cha kufunga. Kijana anasugua, mpira umelala chini unamwaga. Niliupima dakika nne ukimwagia mchanga: lita 72, karibu IST nzima. Kishikio cha kufunga kiliwekwa jioni ile ile, na ni kitu pekee katika habari hii kilichokuwa rahisi.

Lakini kuna jambo lilinitatiza zaidi. Tuna sehemu mbili za kuoshea, na kila gari dogo lilikaa dakika 35 pale pale: kulowesha, povu, kusuuza, kufuta, vakyumu, kung'arisha matairi. Zaidi ya nusu ya muda huo gari halihitaji maji wala sakafu ya zege. Tukasogeza kufuta na vakyumu chini ya mwembe. Gari likawa linakaa dakika 18 tu kwenye zege, na kutoka magari matatu na kitu kwa saa tukaenda kwenye sita na kitu.

Mdogo wangu akapiga makofi. Mimi nikapiga hesabu tena: tulipokuwa tunatumia lita 310 kwa saa, sasa ni 600. Bomba letu likiwa linatoka vizuri linaleta lita 20 kwa dakika mbili. Nalo ni 600 kwa saa.

Tena linatoka usiku.

## Wastani haukuosha gari

Mtaani kwetu maji ya bomba yanakuja kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Saa 7 kwa lita 600 ni lita 4,200. Mchana haliingii tone.

Tukachukua daftari la mwezi mzima. Siku ya kazi: magari madogo 10, makubwa 4, bodaboda 8, mafurushi 16. Lita 3,140. Jumamosi: madogo 22, makubwa 9, bodaboda 14, mafurushi 24. Lita 5,880. Jumapili tunafunga.

Ukizijumlisha siku sita na kugawanya, wastani ni lita 3,600. Ni chini ya yale yanayoingia usiku, tena chini ya tangi. Hata leo ukiniletea wastani huo bila maelezo nitakuwekea sahihi.

Ila hakuna siku hata moja iliyotumia lita 3,600. Jumamosi inataka 5,880 na tangi lina 5,000, ambazo si 5,000 kwa sababu tundu la kutolea liko juu ya sakafu ya tangi na lita kama 250 zinabaki chini na tope lake. Hata lingejaa hadi mfuniko tungekauka jioni. Wiki ile ya Prado, usiku wa Ijumaa maji yalitoka saa mbili tu. Tukaanza Jumamosi na lita 3,060. Toa zile za chini, zinabaki 2,810. Kufikia saa 7 mchana, nusu ya kazi ya Jumamosi huwa imeshafanyika, na nusu ya 5,880 ni 2,940.

Nilipoiona hiyo namba nikampigia mdogo wangu saa 5 usiku. "Kumbe ile Prado ilikuwa imeandikwa," nikamwambia. Akaniuliza kama nimekunywa.

Tangi la pili la lita 5,000 likaunganishwa na la kwanza kwa chini, yakawa yanapanda na kushuka pamoja. Sasa siku ya kazi inatumia 3,140, usiku unarudisha zote na kuzidi, na kila asubuhi yanaamka yamejaa. Hata usiku wa Ijumaa bomba likose tone, Ijumaa jioni huwa yamebaki 6,860. Jumamosi inapita kwenye tundu la sindano, lakini inapita. Usiku wa pili mfululizo bila maji haupiti, na hilo sikumficha.

Jirani wa nyuma ana kisima akatupa bei nzuri. Tulimwaga kidogo kwenye boneti jeusi tukaacha likauke: madoa meupe, mviringo mviringo. Maji chumvi. Kwenye londri hata povu halikushika, sabuni ingekwenda mara mbili. Tunayatumia kuloweshea tope, kapeti na matairi, kwa tangi dogo la pembeni lenye mpira wake. Suuza ya mwisho ni ya bomba, haina mjadala.

## Yanakoingia na yanakotoka

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa bado linaniuma. Lita 5,880 zikiingia, karibu zote zinatoka, na karatasi yangu haikuwa na mstari wa kutoka. Shimo la maji taka lilikuwa moja, limejengwa kwa tofali zenye nafasi ili maji yanywewe na ardhi. Tope la matairi na nyuzi za nguo vikapaka kuta kama plasta. Wiki ya saba maji yenye povu yakatokeza kwenye bustani ya mchicha ya jirani, mzee ambaye tulikuwa tunamwamkia kila asubuhi. Hakugomba. Aliniita tu nikaangalie.

Sasa kuna chemba mbili kabla ya shimo. Ya kwanza tope linatuama, ya pili mafuta yanaelea, na bomba la kutoka lina kona iliyoelekea chini ili livute maji ya katikati. Maji ya londri yanapita kwanza kwenye wavu. Tope linachotwa kila Jumatatu, na safari ya kwanza lilijaza toroli mbili. Mchicha tulimlipa.

## Mstari mwekundu

Ile Excel sijaifuta, ila mdogo wangu hafanyi kazi nayo. Anafanya kazi na mpira mwembamba unaoonyesha maji, uliosimamishwa ubavuni mwa tangi, ambao nimeuchora kwa kalamu ya wino mwekundu. Mstari upo kwenye lita 6,400: mahitaji ya Jumamosi pamoja na yale yasiyovutika chini ya matangi mawili. Kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufungua anaupiga picha ananitumia.

Wiki mbili zilizopita bomba lilisumbua Alhamisi na Ijumaa. Saa 12 na nusu asubuhi picha ikaingia. Maji yalikuwa chini ya mstari, na kando yake ameweka mkono wake ili nione: kiganja kimoja.

"Dada, hii ni sana au kidogo?"

Kiganja chake ni kama sentimita 10. Kwenye matangi yale mawili hizo ni lita 500 na ushee.

Nikamjibu: "Prado tatu."

Saa 4 akanitumia picha nyingine, bila maneno. Prado nyeupe, tope hadi kwenye taa, inageuza kurudi barabarani, na yule kijana wa presha amesimama pembeni amejishika kiuno, anaisindikiza kwa macho.